Jinsi ya kuandika maneno ya boksi la chai ya mitishamba, sentensi ya mbele na maelezo ya nyuma

Kazi yangu ni kuandika maneno ya lebo hapa Mwanza, nimeshaandika za karanga, za unga wa lishe, za dagaa, ila kitu kinachonisumbua kuliko vyote ni boksi la chai ya mitishamba, kwa sababu kila anayekuja na chai anakuja na magonjwa pia. Hapa nitaelezea boksi moja tu toka mwanzo mpaka mwisho, la mama mmoja anaishi Kisesa, anachanganya rozela (wengine mnaiita choya), tangawizi na mchaichai, anaweka kwenye vifuko vile vya kuchovya, vifuko 20 kwa boksi. Jina la chai yake silitaji, hapa tuiite tu Machweo ili tuwe na kitu cha kushika.

Alinifuata na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Juu ameandika maneno ya mbele, "Afya bora kwa familia yako". Chini maneno ya nyuma, "Inatibu presha, inashusha sukari, inaondoa sumu mwilini, inapunguza kitambi, inasaidia wasiopata usingizi". Akaniambia mwanangu nipangie tu hayo yakae vizuri. Nikamwambia mama, kabla ya kupanga naomba nichemshie kwanza.

Hatua ya kwanza, kunywa hiyo chai na kalamu mkononi

Hii watu wanairuka alafu wanashangaa kwa nini maneno ya boksi lao yanaweza kubandikwa kwenye sabuni na yakafaa. Chukua kikombe cheupe au glasi, weka kifuko kimoja, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika na kisosi, andika unachokiona na unachokisikia kwa mpangilio kinavyokuja. Usiandike "tamu" wala "nzuri", andika nini kinatokea.

Kwangu ilikuwa hivi. Maji yanagusa kifuko tu, wekundu unaanza kushuka chini kama uzi, dakika ya pili glasi nzima ni nyekundu ya juisi. Ukifunua kisosi harufu inayokupiga kwanza ni mchaichai, sio tangawizi. Ukionja, kinachokuja mbele ni ule ukali wa rozela, unaushika pembeni mwa ulimi. Tangawizi huisikii kabisa mpaka umeze, ndo inapanda pale kooni inabaki na wewe. Nikaacha kingine dakika 7 badala ya 5, tangawizi ikaongezeka sana na wekundu haukubadilika hata kidogo.

Alafu nikafanya kile ambacho najua mtu wa huku atakifanya tu hata ukimkataza, nikaweka maziwa. Yakakatika. Yani mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya rangi ya waridi, ukiangalia unajua hii mtu akiipata asubuhi anamwaga na hanunui tena. Sababu ni kwamba rozela ina asidi nyingi, na asidi inagandisha protini ya maziwa vilevile kama ukikamulia ndimu. Mama alikuwa anajua hilo siku zote, ila kwenye karatasi yake hakuna mahali amelisema, ameandika kitambi ameacha maziwa.

Hizo noti za dakika kumi ndo zimetoa karibu kila neno lililokuja kuingia kwenye boksi, la mbele na la nyuma.

Hatua ya pili, toa magonjwa yote

Hapa tulikaa muda mrefu na mama, na nitakaa hapa muda mrefu pia.

Chai ya vifuko inayouzwa dukani ni chakula. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, yakaenda shirika la viwango, TBS, kwaiyo lebo yako inaangaliwa kama lebo ya chakula, na kanuni za lebo za chakula, zetu na zile za kimataifa za Kodeksi, haziruhusu chakula kusema kinazuia, kinapunguza au kinatibu ugonjwa. Ukitaka kusema kinatibu basi hicho ni dawa, na dawa za asili zina njia yake, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linaloongozwa na sheria ya 2002, na huko utaulizwa mambo mengine kabisa. Huwezi kusimama katikati, mguu mmoja kwenye chakula ili upate rafu dukani na mguu mwingine kwenye dawa ili uuze kwa wagonjwa.

Mama akasema lakini mwanangu rozela inashusha presha kweli, mi mwenyewe nimepima. Na hapo hajakosea sana, tafiti kadhaa zimeona rozela inashusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Sasa fikiria hivi. Kuna baba anatumia vidonge vya presha kila siku, anakuta boksi limeandikwa inatibu presha, anaona hii ni rahisi na haina kemikali, anaacha vidonge. Huyo anaweza kupata kiharusi huku anakunywa chai yako. Mwingine haachi vidonge, anavimeza na chai vikombe vinne kwa siku, presha inashuka zaidi ya inavyotakiwa, anasikia kizunguzungu akisimama. Kwaiyo kama unaamini kweli rozela inagusa presha, hiyo ndo sababu ya kuandika tahadhari. Lile neno "presha" likahama, likatoka kwenye orodha ya sifa likaingia kwenye mstari wa mwisho wa nyuma, na mama alikubali alipomfikiria kaka yake mwenyewe ambaye yuko kwenye dawa.

"Inaondoa sumu mwilini" tukaifuta, sumu ipi, na anayekunywa atajuaje imetoka. "Kitambi" tukafuta. Kwenye usingizi kulikuwa na kitu cha kuokoa. Huwezi kuandika inaleta usingizi, ila rozela, tangawizi na mchaichai vyote havina kafeini, na hapo ndani hakuna jani la chai ya kawaida hata moja, hiyo ni kweli na unaweza kuisimamia. Kwaiyo "inasaidia wasiopata usingizi" ikawa "haina kafeini". Mtu anayejua chai ya usiku inamkesha ataelewa mwenyewe. Ila angalia, kama mchanganyiko wako una majani ya chai hata kidogo, au chai ya kijani, huo mstari haukuhusu.

Na picha nazo zinaongea. Ukichora moyo na mstari wa mapigo, au mtu ameshika kichwa, au kile kifaa cha daktari cha masikio, umeshasema inatibu bila kuandika neno. Mchoraji wa mama alikuwa ameshaweka moyo, tukautoa.

Hatua ya tatu, sentensi ya mbele

Mbele kwenye boksi kama hili kuna nafasi ya jina, sentensi moja, kusema ni chai ya nini, na uzito. Tulipima upande wa mbele sentimita 12 kwa 7, ukitoa jina na picha, sentensi inabaki na mstari mmoja, au miwili mifupi. Mi naweka kikomo cha maneno matano. Yakizidi hapo herufi zinakuwa ndogo na mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta hasomi.

Kipimo ninachotumia ni kimoja tu, mtu akinywa kikombe kimoja aweze kusema ni kweli au sio kweli. "Afya bora kwa familia yako" hakuna kikombe kinachoweza kuithibitisha, na ukiihamishia kwenye godoro inakaa vizuri tu. Mama alipendekeza pia "Ladha ya Kanda ya Ziwa", nikamuuliza rozela unatoa wapi, akasema nanunua kwa mfanyabiashara anaileta toka Dodoma. Mchaichai ndo uko nyuma ya nyumba yake. Na kwenye mchanganyiko rozela ni zaidi ya nusu, kwaiyo hiyo sentensi ingekuwa inadanganya kwa uzito, tukaiacha japo ilikuwa inasikika vizuri sana.

Nikarudi kwenye noti za kikombe. Mpangilio ulikuwa ukali unatangulia, tangawizi inafuata, nikaandika:

"Uchachu mbele, tangawizi nyuma"

Niliipenda usiku ule, asubuhi nikaanza kuiogopa. Uchachu ni jina sahihi la ile ladha, ila kwenye masikio ya mpishi liko jirani kabisa na kuchacha. Maharage yakilala nje yamechacha. Nikampelekea mama ntilie mmoja pale Kirumba, nikamsomea, swali lake la kwanza likawa, imechacha? Ukishaulizwa hivyo kuhusu chakula hakuna cha kujitetea.

Nikabadilisha, "Ugwadu mbele, tangawizi nyuma". Ugwadu ni neno zuri mno, ndo ladha ya ukwaju, ya embe bichi, ya rozela yenyewe, mate yanajaa ukilisema. Nikawasomea vijana wa bodaboda. Wakacheka wote kwa pamoja, na kama unaishi mjini unajua kwa nini, mtaani ugwadu una maana nyingine ya kitandani. Boksi la mama wa watu linalokaa mezani na watoto haliwezi kubeba hilo. Iliniuma kuliacha.

Nikajaribu "Kali kama ndimu", ikafa yenyewe kwa sababu mtu akisoma ndimu mbele ataitafuta ndimu kwenye orodha ya viungo, na haipo. Hilo likumbuke, ukitaja tunda au kiungo mbele hata kwa kulinganisha tu, msomaji anaamini kimo ndani.

Sasa nikaachana na ladha ya kwanza nikaangalia kile kitu kingine kilichotokea kwenye glasi kabla hata sijaonja, rangi. Na tangawizi pale inapokaa, kooni. Ikatoka hii:

"Nyekundu kikombeni, tangawizi kooni"

Isome kwa sauti. Hesabu mizani kama tulivyofundishwa shuleni, nye-ku-ndu-ki-ko-mbe-ni, saba. Ta-nga-wi-zi-ko-o-ni, saba. Na vina vinakutana kwenye ni. Sikupanga iwe saba kwa saba, ila nilipoona imekaa nilijua hii mtu ataikumbuka akiwa njiani kwenda dukani, Mswahili hata asipojua neno mizani sikio lake linahesabu. Na kila neno linapimika, kama sio nyekundu umedanganywa, kama tangawizi haifiki kooni umedanganywa.

Kulikuwa na wasiwasi mmoja, neno kooni. Mtu anaweza kudhani ni dawa ya koo? Kwa maneno yenyewe hapana, inasema unaisikia wapi, haisemi inaponya nini. Lakini ingewekwa pembeni picha ya mtu amevaa skafu anakohoa, pale pale ingegeuka dawa ya koo. Kwaiyo kwenye boksi hili picha ni glasi tu yenye chai nyekundu, basi.

Chini ya hiyo sentensi, kwa herufi za kawaida, tukaandika kilichomo ndani: "Chai ya rozela, tangawizi na mchaichai". Usiite "chai ya maajabu" wala "chai ya mitishamba 3" ukaishia hapo, mtu ana haki ya kujua ni mitishamba ipi kabla hajaligeuza boksi.

Hatua ya nne, peleka kwa watu kabla ya kwenda kwa mchapaji

Printi mbele ya boksi kwa saizi yake halisi kwenye karatasi, kata, bandika kwenye boksi lolote la chai la zamani. Mpe mtu asiyekujua, mwachie kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, mchukulie, muulize hii ni nini na ndani kuna nini. Usiulize umeipenda, watu wetu wana adabu, watasema wameipenda. Nilikaa nalo kwenye benchi pale kivukoni Kamanga watu wanasubiri pantoni, nikauliza watu tisa. Saba walisema chai nyekundu ya tangawizi. Wawili walisema juisi. Hao wawili wakanifundisha kitu, picha ilikuwa glasi ndefu, tukabadilisha ikawa kikombe chenye mvuke na kamba ya kifuko inaning'inia pembeni. Maneno hatukugusa.

Hatua ya tano, maelezo ya nyuma

Nyuma mtu anasoma mara mbili tu. Mara ya kwanza akiwa dukani hajaamua, mara ya pili akiwa jikoni na maji yanachemka. Ukiandika historia ya bibi yako na ndoto zako umewaacha wote wawili, yule wa dukani anataka kujua ni nini na yule wa jikoni anataka kujua aweke ngapi. Nilimpa mama nafasi ya maneno 65, na yakatosha:

"Rozela, tangawizi na mchaichai, vimekaushwa vikawekwa kwenye vifuko. Hakuna majani ya chai ndani, kwa hiyo haina kafeini.

Kikombe kimoja: kifuko 1, maji yaliyochemka, funika dakika 5. Ukitaka tangawizi ikolee, dakika 7.

Chupa ya lita 1: vifuko 4, dakika 10, kisha vitoe.

Inywe hivyo hivyo, au weka sukari au asali. Usiweke maziwa, yatakatika.

Kama unatumia dawa za presha au una ujauzito, muulize daktari kabla ya kuinywa."

Nieleze machache kwa nini yako hivyo. Mstari wa chupa upo kwa sababu nyumba nyingi huku hazitengenezi chai kikombe kimoja kimoja, chai inawekwa kwenye chupa asubuhi familia inanywa. Usipompa kipimo cha chupa atabahatisha, ataweka viwili, itatoka maji ya rangi, atasema chai yako haina kitu. Vifuko 4 kwa lita tulivipata kwa kujaribu vitatu, vinne na vitano, vitatu ilikuwa nyepesi, vitano rozela inakuwa kali mpaka unatafuta sukari ya ziada. Dakika 10 badala ya 5 kwa sababu hapo mtu anataka ikolee ikae mpaka saa nne, na "kisha vitoe" kwa sababu vikibaki humo asubuhi nzima ukali unaendelea kuongezeka.

Hakuna mahali tumesema uchemshe vifuko kwenye sufuria, hilo tumelikwepa makusudi. Sufuria nyingi zetu ni za aluminiamu, na asidi ya rozela ikichemkia humo inakula hiyo aluminiamu na ladha inabadilika. Maji yachemke peke yake, chai ikutane nayo kwenye kikombe au chupa.

Mstari wa maziwa mama aliupinga, akasema unaharibu biashara, kwa nini niandike kitu kibaya kwenye boksi langu. Nikamwonesha ile glasi yenye mabonge. Anayeona yale bila kuonywa anadhani chai imeoza, anayeonywa anajua ndivyo ilivyo. Tukauacha, kwa maneno matatu tu bila kuelezea asidi.

Na tahadhari isifichwe kwa herufi za kutafuta na tochi. Iwe saizi ileile ya mistari mingine.

Hatua ya sita, zile taarifa za lazima zinakaa pembeni

Hizi sio za kupamba, ila zinagusana na sentensi yako ya mbele kwa namna ambayo wengi hawajui. Viungo vinaandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa wakati wa kutengeneza mpaka mdogo. Na kiungo ulichokipigia debe mbele unatakiwa useme kiko kiasi gani kwa asilimia. Sisi mbele tumesema tangawizi, kwaiyo kwenye viungo haiwezi kukaa tu "tangawizi", ikawa:

"Viungo: rozela (60%), tangawizi (25%), mchaichai (15%)."

Hapo ndo utajijua kama sentensi yako ya mbele ilikuwa ya kweli. Mchanganyiko wa kwanza wa mama ulikuwa na tangawizi 10% tu, nilipomwambia itabidi iandikwe akaona aibu mwenyewe, akaongeza tangawizi, na ni kweli ile ya mwanzo ilikuwa inafika kooni kwa mbali tu. Kwaiyo maneno yalirekebisha chai. Ila ukibadilisha mchanganyiko baada ya kuonja, rudi hatua ya kwanza onja tena, mi nilirudia dakika zote na vipimo vya chupa, na noti nilizowapa hapo juu ni za mchanganyiko huu mpya.

Zingine ni uzito halisi (vifuko 20 vya gramu 1.5, jumla gramu 30, na huo ni uzito wa chai yenyewe bila karatasi ya kifuko wala boksi), jina na anwani ya mtengenezaji, kuwa imetengenezwa Tanzania, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kutunza, tukaandika "Tunza mahali pakavu, funga boksi vizuri baada ya kufungua", maana unyevu wa huku ziwani mvua zikianza rozela inalainika haraka. Alama ya TBS usiiweke mpaka umepewa leseni ya kuitumia, hata kama maombi yako yamefika mbali, acha nafasi yake tu.

"Asili 100%" mama aliitaka sana. Sijaikataza, nilimuuliza tu inamwambia nini mtu ambaye ameshasoma viungo vitatu na vyote ni mimea. Akaitoa, nafasi ile tukaongezea saizi ya herufi.

Hatua ya saba, kabla boksi halijachapwa

Printi boksi zima la kweli, kunja, lisimamishe. Lipeleke kwenye duka lenye taa hafifu jioni, sio mezani kwako mchana. Mama alichagua boksi la khaki, lile la rangi ya mfuko wa kaki, na sentensi ya mbele alitaka nyekundu ili ifanane na chai. Nyekundu juu ya kaki inazama, kwa hatua tatu huoni herufi unaona doa. Tukaweka sentensi nyeusi, nyekundu ikabaki kwenye picha ya kikombe peke yake. Herufi za nyuma mi sishuki chini ya milimita 1.5 ukipima herufi ndogo kama a, pima na rula kwenye karatasi iliyochapwa, usiamini namba ya kwenye kompyuta kwa sababu fonti zinatofautiana, saizi 7 ya fonti hii sio saizi 7 ya ile.

Soma maneno yote kwa sauti toka mwisho kuja mwanzo, neno moja moja. Ukisoma kawaida akili inasahihisha yenyewe, ndo unakuta boksi limetoka na "tangawzi".

Na kuna kitu kimoja nilikikosea kwenye kazi ya nyuma ya hii, ya mteja mwingine, kikamgharimu. Sikuacha sehemu wazi ya kugonga tarehe na namba ya toleo. Boksi zilikuwa 1,000, zote zimepakwa ile laminesheni inayong'aa, wino wa muhuri haukukauka juu yake, ukigusa tu tarehe inafutika na kubaki kidoleni. Boksi la chakula lisilosomeka tarehe huwezi kuliuza, tukakaa na mwenye mali siku mbili tunabandika stika moja moja kwa mkono, na hela ya stika nikailipa mi. Kwaiyo kwenye faili la mama wa Kisesa nilichora kabisa kisanduku cha sentimita 4 kwa 1.5 chini nyuma, nikaandika ndani yake kwa mchapaji "HAPA PASIPAKWE KITU", na siku ya sampuli nilienda na muhuri wangu mkononi, nikagonga, nikahesabu mpaka thelathini, nikapitisha kidole gumba kwa nguvu. Tarehe ikabaki palepale, ndo nikasaini zichapwe.